Badala ya Mkutano

Kagure Wamae hakuwa mtu wa kumwambia mwenzake neno gumu ana kwa ana. Ndiyo maana asubuhi hiyo, akiwa ofisini mjini Nyeri, alifuta mkutano aliokuwa ameuitisha mwenyewe na kuwaandikia wenzake kwamba angewatumia video fupi, kila mmoja aitazame akipata nafasi.

Kampuni yao ndogo, ambayo Kagure ndiye aliyeiongoza, ilitengeneza mfumo wa kompyuta ambao vyama vya wafugaji viliutumia kuandika maziwa vinayopokea. Toleo jipya, lililojengwa na Gikonyo, lilikuwa limeanza kazi juzi tu, na tayari maziwa ya wafugaji wa eneo la Tetu yalikuwa yakiingia kwenye majina yasiyo yao. Ilibidi toleo la zamani lirudishwe. Gikonyo alikuwa kijana mpole aliyefanyia kazi nyumbani kwao Kagio. Alikuwa ameomba muda zaidi wa majaribio, na Kagure ndiye aliyemnyima.

Alibofya alama ya kifaa cha kurekodi juu ya kivinjari, akachagua ukurasa wa mfumo pamoja na kamera. Tatu, mbili, moja. Uso wake ukatokea kwenye duara dogo pembeni. Akasogeza mshale kutoka kosa moja hadi jingine, akieleza, na mwishoni akasema lililomkaa moyoni: kosa lilikuwa lake yeye aliyeharakisha mambo, wala si la Gikonyo. Alipomaliza, alinakili linki na kuiweka kwenye kundi la kazi. Video yenyewe hakuitazama. Hakuwahi kuvumilia kujiona akizungumza.

Kazi ya kungoja ikaanza. Ukurasa wa video ulimwonyesha waliotazama. Wendy, aliyehudumia wateja akiwa Kiganjo, alitazama kidogo tu akatoka. Muchiri, mhasibu wao, vivyo hivyo. Gikonyo alitazama, akarudia, kisha akarudia tena. Hakuna aliyeandika neno.

Kagure alijimiminia chai, ikapoa bila kuguswa. Alijaribu kukumbuka alivyoyapanga maneno yake. Huenda alikuwa mkali? Huenda ile "kosa ni langu" ilisikika kama ya kujipamba? Kila simu ilipotikisika mezani, aliinyakua.

Karibu adhuhuri ujumbe wa Gikonyo ukaingia, kwake peke yake. "Nimeona, Madam. Nitaleta laptop ya kampuni Ijumaa. Asante kwa nafasi mlinipea."

Akampigia. Simu haikupokelewa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Ndipo alipolazimika kuifungua ile video, ili ajue ni neno gani lililomchoma kijana wa watu.

Hakukuwa na neno. Midomo ilicheza, paji la uso likakunjamana, mshale ukagonga kosa baada ya kosa, katika kurasa ambazo kila mtu alijua ni kazi ya Gikonyo. Aliongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Akakumbuka: jana alikuwa amerekodi maelezo ya wateja yasiyohitaji sauti, akazima maiki ndani ya kifaa, na kifaa kikabaki vilevile.

Alimpigia Wendy. Wendy alikiri kwamba hakusikia kitu. "Nilidhani ni simu yangu. Nikasema nitaangalia jioni kwa kompyuta."

Kagure aliwasha maiki, akaanza kurekodi upya. Alipoliona lile duara lenye uso wake, alikatiza. Akafuta, akachukua funguo za gari na kuteremka kwenda Kagio. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, nayo yakimponyoka.

Alimkuta Gikonyo sebuleni kwao. Waya wa chaja ulikuwa umeviringwa vizuri juu ya laptop iliyofungwa. Kijana alisimama, akamkaribisha kiti, akakwepa macho yake.

"Ile video haikuwa na sauti," Kagure alisema kabla ya kuketi. "Nilizima maiki bila kujua. Nilikuwa nasema kosa ni langu. Uliomba muda, nikakataa."

"Nilijaribu na earphones," Gikonyo akasema. "Halafu nikaona vile ulikuwa unaangalia. Nikajua tu."

"Ulijua nini?"

"Nimefutwa kazi."

Kagure akamwambia hapana, kazi yake ipo. Gikonyo aliifungua laptop taratibu. Walikaa bega kwa bega wakirudisha toleo la zamani, na Wendy akathibitisha kwa simu kwamba maziwa ya Tetu sasa yanaingia kwa wenyewe.

Kagure alipoinuka kuondoka, aliuliza kama Ijumaa bado angeileta laptop.

"Wacha nifikirie, Madam," Gikonyo alijibu kwa upole. "Lakini siku ingine, tafadhali, nipigie simu."

Kagure aliahidi. Alikaa ndani ya gari kwa muda kabla ya kuliwasha, kwa maana jibu lile hakulijua ni la kukaa au la kwenda, na Ijumaa ilikuwa bado mbali.