Bee, Yee, Kafu

Mwaka mmoja wa enzi zile za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumiminika hadi vijijini, Sadala mwenye duka karibu na stendi ya Kibiti alirudi kutoka Kariakoo na maboksi yaliyojaa hadi kwenye baraza. Makopo, chupa, pakiti za rangi za kupendeza, na kila kimoja kimeandikwa Kiarabu mbele, nyuma na ubavuni. Aliyemuuzia kwa jumla alimwambia tu kwamba ni vyakula vya Shamu, vizuri sana. Sadala hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa kuhitimisha msahafu, na kumuuliza muuza duka wa Kariakoo maana ya herufi alizosomeshwa tangu utotoni aliona ni aibu.

Tatizo ni kwamba Sadala alikuwa amehifadhi zaidi kuliko alivyosoma. Ukimpa aya ya kwanza, ulimi wake ulikwenda wenyewe hadi mwisho. Ukimpa kopo, alitazama picha.

Wa kwanza kulipia picha hizo alikuwa mwalimu Sixtus, mume wa Sista Consolatha, muuguzi wa kituo cha afya. Wote wawili walikuwa watu wa Machame waliohamishiwa Rufiji kikazi. Sixtus aliona chupa yenye mchoro wa machungwa, akaambiwa ni sharubati, akaizimua kwa maji na kunywa bilauri nzima kabla ya kwenda kufundisha. Siku hiyo kila alipofungua kinywa kusema hesabu, darasa lilinukia kama chumba cha bi harusi. Mwanafunzi mmoja alimwuliza kwa adabu kama anaoa tena.

"Wewe ulionja, ukaendelea kunywa?" Consolatha alimwuliza jioni.

"Nilidhani ndivyo machungwa ya huko yalivyo."

Consolatha akaichukua ile chupa, akaenda nayo kwa jirani yake Mwajabu, ambaye alikuwa akikanda unga wa mandazi ya kesho. Mwajabu alisoma chuo cha Kurani hadi alipoolewa, na kisomo kilimkaa vizuri. Akajifuta mikono, akaishika chupa karibu na taa.

"Hii imeandikwa bila irabu, shoga," alisema. "Mie nimezoea msahafu, kila herufi ina fataha yake na kasra yake. Hapa wamekuachia mifupa mitupu, nyama utie mwenyewe." Akaanza kwa kidole, kulia kwenda kushoto. "Mimu, alifu. Maa. Maji hayo. Zee, hee, ree. Zahari... zahra... Maua! Maji ya maua, ya michungwa hii ya pichani. Mumeo kanywa marashi ya kutilia kwenye halua."

Walicheka hadi Mwajabu akakaa chini. Kisha Consolatha akakumbuka shida yake kubwa zaidi. Jumapili mtoto wao Aika alikuwa abatizwe, na mama mkwe, Bibi Wilhelmina, alikuwa njiani kutoka Machame. Keki ilikuwa lazima. Unga, mayai, sukari na siagi vilikuwepo. Bekingi pauda haikuwepo kokote, kwa sababu masika ilikuwa imeharibu barabara na malori ya Dar yamekwama huko kwenye utelezi. Labda kwa Sadala.

"Hamira yangu ya mandazi haikufai?"

"Ya mandazi inataka kuumuka kwa muda, na keki haitoki kama keki. Nataka bekingi pauda."

"Sasa hiyo kwa Kiarabu inaitwaje?"

Consolatha hakujua. Mwajabu naye hakujua. Asubuhi wakaenda wote wawili.

Sadala aliwapokea vizuri. "Karibuni. Chochote mnachotaka kipo. Niwasomee nini?"

"Acha tusome wenyewe, kaka Sadala, wewe hudumia wateja," Mwajabu alisema kwa upole, na Sadala alikubali haraka kuliko walivyotarajia.

Walianza rafu ya chini. Kwanza walipotea, kwa sababu Mwajabu alikuwa akisoma maandishi makubwa ya mbele, na kila kopo aliloshika lilitoa jina lile lile. Walipofika kopo la tano Consolatha akasema, "Hilo ni jina la kiwanda, sio chakula. Tazama madogo chini yake." Kuanzia hapo kazi ikaenda. Pakiti moja ilisema sukari, Mwajabu akaicheka kwa kujipa taabu ya kuandika neno la Kiswahili. Nyingine ikasema lozi. Kopo bapa likasema samaki, ingawa yee ya mwisho aliyoitarajia haikuwepo na picha ilikuwa ya jua linalochwea baharini.

Lakini kulikuwa na maneno ambayo Mwajabu aliyasoma vizuri na hayakumwambia kitu. Akashika pakiti ya unga wa manjano. "Kafu, alifu, sini, tee, ree, dali. Kaasataradi. Hili sijapata kulisikia, si kwenye kitabu wala kwa mtu."

"Rudia."

"Kaasataradi. Kaastaridi. Kaastard."

"Kastadi!" Consolatha alisema. "Hilo ni la Kiingereza. Wamelivalisha kanzu tu."

Walitazamana. Ilikuwa kama wameokota ufunguo. Mwajabu angetamka, Consolatha angesikiliza, na lile ambalo halikuwa la Kiarabu wala la Kiswahili huenda likawa la Kiingereza. Wakapata vanila, iliyosomeka fanilia, kwa namna hiyo hiyo. Wakapata jeli. Sadala alikuwa ameacha wateja, anasikiliza huku akijifanya anapanga viberiti.

Mwishowe, nyuma ya chumvi, wakakuta makopo madogo meupe. Hayakuwa na picha yoyote, na ndiyo maana Sadala hakuwa na la kusema juu yake. Mwajabu akalikung'uta. Unga ulichezacheza ndani.

"Bee, yee, kafu," alianza. "Beek... Biik..."

"Beki! Bekingi!" Consolatha alimnyang'anya kopo mkononi. "Ndiyo yenyewe. Unga mweupe, kopo dogo, beki. Nini tena?"

"Sijamaliza, shoga. Kuna herufi nyingi zinafuata."

"Ni hizo za pauda. Twende, mtoto yuko na baba yake."

Siku ya Ijumaa Consolatha alioka keki ya majaribio, sufuria ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Alitia vijiko vitatu vidogo vya ule unga kama mapishi yalivyotaka. Keki ilipanda upesi, ikabadilika rangi kuwa ya kahawia isiyo ya kawaida, kisha ikabonyea katikati kama kiti kilichokaliwa na mtu mzito. Na wakati huo huo, Bibi Wilhelmina akashuka stendi kutoka basi la kwanza lililopenya utelezi, kabla ya siku iliyotarajiwa, na kapu, kanga mbili na kidumu cha maziwa ya mgando alichokipakata kutoka Machame.

Hakuna namna ya kumficha mama mkwe aliyesafiri safari ile kitu kinachonukia jikoni. Akakatiwa kipande. Akakitafuna polepole. Sixtus alitazama dari. Consolatha alitazama miguu yake. Mwajabu, aliyekuja kumkaribisha mgeni, alitazama mlango.

"Mama Aika," Bibi Wilhelmina alisema alipomeza. "Huku pwani keki mnatia sabuni?"

"Hapana, mama."

"Basi sufuria halikusuuzwa." Akachukua kipande cha pili. "Nimekula wali wa matanga uliokuwa majivu matupu, nikashukuru. Nitakula na hii."

"Mama, acha, tafadhali," Consolatha alisema, na sasa machozi yalikuwa karibu. "Sijui nimekosea wapi. Nimepima kila kitu."

Mwajabu alikuwa ameshaliendea lile kopo. Alikaa nalo mlangoni penye mwanga, akaanza tena tangu mwanzo, bila mtu wa kumnyang'anya.

"Bee, yee, kafu. Ree. Bee, wau, nuni, alifu, tee. Biikarabuunaati." Akakunja uso. "Biikarbunaat."

Consolatha aliinua kichwa. "Sema tena."

"Biikarbunaat. Kisha linafuata lingine. Su... suudiyumu."

"Baikaboneti," Consolatha alisema. "Sodiamu baikaboneti. Mungu wangu, tunawapa watu wenye kiungulia." Akakaa kitini. "Hiyo sio bekingi pauda. Bekingi pauda ina ukali wake ndani, unaofanya kazi ikiloa. Hii haina chochote, na mimi nimetia vijiko vitatu. Ndiyo maana imekuwa sabuni."

"Nilikwambia sijamaliza," Mwajabu alisema.

"Uliniambia."

"Nikakwambia kuna herufi nyingi zinafuata."

"Nimesikia, shoga."

Sixtus alitaka kucheka. Mke wake alimwangalia, naye akaikumbuka ile chupa ya marashi, akaenda kuchochea makaa.

Bibi Wilhelmina alikuwa bado anatafuna. "Inataka kitu kikali, unasema?"

"Ndiyo, mama. Kichachu. Na yenyewe kidogo sana, kijiko kimoja kinatosha."

Bibi alikisukuma kidumu cha mgando kwa mguu hadi katikati ya chumba. "Haya. Kiliniloweshea gauni tangu Same. Kifanye kazi."

Wakajaribu kijiko kimoja, na mahali pa maziwa mabichi wakatia mgando. Mchanganyiko ulifura bakulini palepale, nao wakaukimbiza motoni. Ilipoiva ilikuwa ya rangi ya dhahabu, imesimama sawa, na ladha ilikuwa ya keki. Bibi Wilhelmina alikula bila kusema neno, jambo ambalo Sixtus alimweleza mkewe kuwa ndiyo sifa. Jumapili waliokwenda kanisani na wasiokwenda walikula pamoja uani kwa Mwajabu, kwa kuwa ulikuwa mpana zaidi, na Sadala alikula vipande vitatu.

Asubuhi ya Jumatatu Bibi Wilhelmina alitaka kuliona duka lenyewe. Akaenda na mkwewe na Mwajabu. Sadala, aliyekuwa amesikia habari zote, aliwasalimia, akamwamkia bibi, akawatolea kiti na kopo lingine la baikaboneti bila kuulizwa. Kisha akatoa pakiti bapa iliyokunjwa kama kitabu, na ndani yake kitu cha rangi ya machungwa, kigumu kama ngozi.

"Hii ndiyo imenishinda," alikiri kwa sauti ya chini. "Haina hata picha ya maana."

Mwajabu aliipokea. Kwa mara ya kwanza hakusita hata kidogo. Kafu kubwa, mimu, ree, na neno la pili analijua kuliko jina la mumewe. "Kamaru-ddini," alisoma. "Mwezi wa dini."

Kila mtu alisubiri aendelee.

"Basi," Mwajabu alisema. "Ndiyo imeisha. Safari hii nimemaliza."

"Lakini Kamarudini ni jina la mtu," Sadala alisema. "Yule mshona viatu pale sokoni ni Kamarudini. Labda ndiye mwenye kiwanda."

"Jina la kiwanda ndilo hili kubwa, juu. Kamarudini ndiye aliye ndani."

Consolatha alilisikiliza neno kwa sikio la Kiingereza, mara mbili, halikumtolea kitu. Wakatazama pakiti wote wanne. Walikuwa wamesoma kila herufi, wameelewa kila neno, na hakuna aliyejua ni chakula gani.

Bibi Wilhelmina akanyoosha mkono, akachana kipembe, akakitia kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu, kwa makini, kama mtu aliyekwishakula sabuni na hana tena cha kuogopa.

"Ni tunda," alisema. "Tamu, na uchachu kidogo. Tunda gani sijui." Akampa Mwajabu kipande, na Consolatha kipande, kisha, baada ya kufikiri, na Sadala. "Nifungieni mbili."