Ndoo ya Nywele

Mtu aliyegonga geti asubuhi ile sikumjua. Alibeba mkoba wa zana, suruali imelowa hadi magotini.

"Dada, mmeshafungulia bomba?"

"Kwani wewe nani?"

"Fundi bomba. Dereva wa lori la maji kanituma. Mteja wake wa mwisho jana kapata mchanga, na kabla yake alipita kwenu."

Alikuwa amechelewa. Nilishamwogesha mama mgongo, na kitambaa kilipogusa kidonda cha kulala kitandani alilia kama mtoto. Chembe za mchanga zilinasa kwenye nyama. Muuguzi alisema mama amebakiza wiki moja, labda mbili.

Fundi alipanda ngazi, akamulika ndani ya tangi letu dogo.

"Si kosa la lori peke yake hili. Chini kuna tope la miaka, maji yameanguka kwa nguvu yakalikoroga. Nani husafisha?"

"Baba alikuwa anasafisha."

Fundi alifunga koki ya kwenda ndani, akafunga mpira wa maji kwenye fimbo usiguse chini, akavuta maji ya juu yaliyokwisha kutuama. Tulipata ndoo nane, kisha rangi ikabadilika. Akafungua kizibo cha chini. Maji ya kahawia yalimwagika uani nami nikayatazama yakipotea. Aliingia na brashi, akasugua, akasuuza kwa ndoo tatu.

Kwenye bomba linalotoka tangini alifunga chujio, mshale wake wa njia ya maji ukielekea nyumbani. Tulirudisha ndoo tano tangini, tukafungulia mabomba moja baada ya jingine hadi mchanga uliobaki njiani ukaisha. Yaliyosalia tangini tuliyakinga, yakajaa ndoo mbili tu.

"Bado mchemshe," alisema. "Chujio hili linakamata mchanga. Vijidudu linavipisha."

"Lori linarudi lini?"

"Jumatatu. Pole, dada."

Ilikuwa Ijumaa.

Nilichemsha maji kidogo, yakapoa, nikasuuza kidonda polepole hadi chembe ya mwisho ikatoka. Mama aling'ata shuka.

Usiku uliotangulia nilimwahidi kumwosha nywele. Zilikuwa na mwezi mzima bila kuoshwa. "Utanizika na kichwa kama dekio?" alinichokoza, nami nikasema kesho, mama, Mungu akipenda.

Sasa aliziona ndoo mlangoni.

"Ziache nywele, mwanangu. Nilikuwa nakutania tu. Tutakunywa nini?"

"Ile nyingine."

"Siku tatu? Wewe na mimi?"

"Mimi sina kiu."

"Muongo kama baba yako."

Nilipasha ndoo moja moto. Nikaweka beseni chini ya shingo yake, nikamimina kikombe baada ya kikombe, bila haraka. Kichwa kilikuwa chepesi mno mkononi. Alifumba macho.

"Kuna mchanga?"

Nilipapasa ngozi ya kichwa chake yote, kutoka paji la uso hadi kisogoni.

"Hakuna, mama."

Nikamimina kikombe cha mwisho.