Jumatatu ya Pasaka ya Nani?

Gari la wageni lilipopiga honi langoni, Wachuka alikuwa anachambua maharagwe. Alichungulia na moyo ukamlipuka. Mzee Micah, amu ya Kibii mchumba wake, alikuwa anashuka na suti yake. Nyuma yake Cheptanui, mama yake Kibii, alikumbatia kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Wametoka Rongai mpaka Subukia kuja kumposa, wiki nzima kabla ya siku!

"Baba, uliandika nini kwenye mwaliko?"

Mzee Gachanja, mwenyekiti wa kanisa lao la Othodoksi, hakutikisika. "Jumatatu ya Pasaka, saa nne. Kwani nimekosea?"

Wachuka alitamani kupiga mayowe. Alikuwa amemsihi: andika tarehe kumi na tatu Aprili, kwa maana watu wa Rongai ni wa kanisa la AIC, na Pasaka yao ni ile ya serikali, tarehe tano. Baba akasema ataongeza. Hakuongeza. Ati Pasaka ya kweli haihitaji tarehe! Na kwa kuwa haya ni mambo ya wazee, Kibii mwenyewe hakuambiwa siku.

Sasa ilikuwa tarehe sita, Jumatatu ya Wiki Takatifu kwao. Watu wako kwenye mfungo: hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna maziwa. Ng'ombe watatu wamekamuliwa asubuhi, na wageni wa Kikalenjin wakawekewa chai ya rangi.

Micah aliitazama kikombeni. "Boss, hapa maziwa iliisha?"

"Iko," Gachanja akajibu. "Lakini tunafunga. Hata hiyo mursik siwezi kuonja."

Cheptanui alikirudisha kibuyu miguuni pake polepole. Wachuka aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Huyu mama amekaa siku ngapi akitayarisha maziwa yale, aje kukataliwa mbele ya watu?

"Kama hamtutaki, mngesema tu," Micah akasema, akisimama pamoja na Cheptanui. "Si kutuita alafu mtufungie jiko."

"Hapana, mzee! Mmekuja mapema," Gachanja akasema. "Rudini Jumatatu ijayo."

"Jumatatu ijayo watu wako job! Hiyo si holiday."

"Basi nyinyi mje tukimaliza Pasaka, ile Jumamosi kabla ya Jumapili ya Tomaso..."

"Tarehe, baba!"

Wachuka hakuwahi kumpandishia babake sauti. Hata mamake jikoni aliacha kukoroga.

"Unataka niolewe ama unataka kushinda? Hawa watu wanajuaje Tomaso ni lini? Watajie tarehe!"

 Gachanja alimtazama Micah aliyekuwa tayari mlangoni, kisha akatazama sakafu.

"Kumi na nane," akasema. "Aprili tarehe kumi na nane, Jumamosi. Saa nne asubuhi."

Micah alitoa simu, akaandika akiwa bado amesimama. Kisha akamwonyesha Gachanja kioo cha simu, na mzee akasoma yote kwa sauti, neno kwa neno, kabla Cheptanui hajakubali kuketi tena.