Picha Isiyo na Mirunda

Kila mwisho wa mwezi mimi katibu ninawasomea wanahisa wa jengo letu la fleti, hapa Kyela mjini, taarifa ya ujenzi na kuwaonyesha picha. Mwezi uliopita picha ilionyesha zege bichi la ghorofa ya kwanza likiwa limeshikiliwa na mirunda, msitu mzima wa miti. Mzee Anyisile, aliyeuza mpunga wake wote wa Makwale ili anunue hisa, akaitupa mezani.

"Tausi mwanangu, miti hata kwangu ipo. Nataka kuona nyumba."

Wote wakamuunga mkono. Fundi Zubery akasema zege halijakomaa, mirunda isiguswe. Mwenyekiti wetu, Shabani wa duka la vitenge, akamuuliza yeye ni nani hata awabishie wenye jengo. Mirunda ikang'olewa.

Leo nimeanza kwa kuwapa picha mpya. Wameipitisha mkono kwa mkono, wakicheka.

"Ndaga fijo, mwanangu," Mzee Anyisile amenishukuru.

Kisha nimesoma. Zege limebonyea katikati, ufa umekwenda toka nguzo hadi nguzo. Fundi anasema libomolewe lote, na fedha ya kumwaga jingine hatuna.

Mzee Anyisile ameichukua tena picha, ameisogeza karibu na macho.

"Mbona ufa siuoni?"

"Mpiga picha alisimama mbali, mzee."

"Basi kila mwezi asimame hapo hapo."

Nilidhani watamcheka. Wameitikia kwa vichwa, mmoja mmoja, wote.