Nusu Mzigo Ukitoka

Msusi aliiona picha ile kwenye simu akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Ilikuwa orodha ya bei za mashuka, imebandikwa ukutani kwenye duka la jumla la mji mkubwa na kupigwa picha kwa pembeni, hata mwanga wa taa umefuta bei mbili za chini. Lakini maelezo chini ya picha yalisomeka vizuri:

"Bei hizi ni za wauzaji tu. Oda ya chini dazeni moja kila saizi, rangi changanya upendavyo. Malipo: nusu unatanguliza, nusu mzigo ukitoka. Mikoani tunatuma kwa basi, nauli ya mzigo juu yako."

Alisoma mara mbili, akamwachia mteja nywele zikiwa nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Kuna nini?" mteja akauliza.

"Riziki," akasema. "Tulia hapohapo."

Shule za bweni zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na kila mzazi aliyekalia kiti chake alikuwa analalamikia bei ya mashuka. Msusi akaanza kuandika oda. Wazazi wakachukua yale madogo ya vitanda vya shule, dazeni nzima ikatimia. Majirani wakamalizia dazeni ya makubwa, wa kwanza akiwa Mama Pacha wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye akikudai hata chumvi mtaa mzima utajua. Wote walitanguliza robo ya bei. Fedha hizo, pamoja na alichokuwa ameweka kwa ajili ya kiti kipya cha saluni, zikatosha nusu ya mzigo wote. Akaituma kwa simu dukani, akajibiwa, "Imefika. Asante dada."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mashuka yaje, ayauze, wateja wamalizie, naye ammalizie mwenye duka.

Badala ya mashuka ukaja ujumbe: "Mzigo wako umefungwa. Kamilisha nusu iliyobaki tuutoe."

Msusi akadhani wamekosea mtu. Akapiga simu. Akapokea mwanamume, shemeji wa mwenye duka, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga picha na kuandika maelezo.

"Kaka, nimalizie vipi wakati mzigo haujatoka?"

"Hauwezi kutoka dada, hujamalizia."

"Mmeandika nusu mzigo ukitoka!"

"Ndiyo. Malizia, utatoka."

Wakazunguka hivyo kama ng'ombe wa kinu, mpaka salio la simu likaisha. Kesho yake akapiga, ikaita bila kupokewa. Wazazi nao wakaanza kupita saluni bila hata kusuka. Mama Pacha alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Shoga, mashuka yanafumwa au yananunuliwa?"

Usiku huo uvumilivu ukamwisha. Akaandika chini ya ile picha, mbele ya watu wote: "Kaeni mbali na duka hili. Nimetuma nusu, mzigo sijauona. Wezi wa mchana." Asubuhi akafunga saluni, akapanda basi.

Duka lilikuwa jembamba, marobota yamepangwa mpaka darini. Nyuma ya kaunta alikaa mwenyewe, waliyemwita Mama Mashuka, mkanda wa kupimia shingoni. Pembeni yake shemeji alikuwa ameinamia simu. Msusi hakusalimia kwanza, jambo ambalo baadaye lilimuudhi mwenyewe.

"Mimi ndiye yule wa nusu."

Mama Mashuka akainua macho. "Kumbe ndiwe uliyeniita mwizi! Wauzaji wawili wamesitisha oda zao tangu jana. Mzigo wako ule pale, umefungwa, una jina lako. Mwizi gani huyo anayefunga mzigo?"

Kweli, robota lilikuwa pale, limeandikwa jina lake kwa kalamu nene. Kuliona tu kulimpandisha hasira upya. Akatoa simu, akasoma kwa sauti, akiweka kituo kila neno. "Nusu. Mzigo. Ukitoka. Mimi nauza mafuta ya nywele, mama. Kwangu bidhaa ikitoka maana yake imenunuliwa. Nikasema hawa wamenipa nafasi niuze kwanza."

"Kutoka ni kutoka dukani!" shemeji akadakia. "Kuingia kwenye gari. Kila mtu anajua."

"Wewe nyamaza," Mama Mashuka akamwambia. Kisha akamgeukia Msusi. "Dada yangu, nani atakupa mali kwa mkopo na hata sura yako haijui? Mimi mwenyewe kiwandani nalipa kabla gari halijawashwa."

Hapo akaingia mteja, akachungulia. "Mama, yale ya maua mekundu?"

"Yametoka yote, mwanangu. Jaribu wiki ijayo."

Mteja akaondoka. Msusi akamkodolea macho Mama Mashuka. Shemeji naye ghafla akaona kitu cha maana sana kwenye kidole chake.

Mama Mashuka akavua mkanda shingoni, akauweka mezani. "Haya," akasema. "Nimesikia nilichosema."

Lakini kusikia si kulipa. Msusi hakuwa na nusu nyingine. Ilikuwa mifukoni mwa wateja wake, na wateja hawamalizii shuka wasiloliona. Mama Mashuka naye hakutaka kumkopesha, hata Msusi alipoapa kwa watoto wake.

"Nikikukopesha wewe, kesho wote walioona picha ile watakuja na viapo vyao. Siwezi. Ila nusu uliyotuma ni mali yako. Inatosha dazeni ya madogo, bei ileile ya jumla, na inabaki."

"Inayobaki nipe makubwa."

"Haifiki dazeni. Chini ya dazeni ni rejareja."

"Hata baada ya hili lote?"

"Hata baada ya hili lote."

Msusi akacheka kicheko kisicho na furaha. Akachukua makubwa mawili aliyoagiza Mama Pacha kwa bei ya rejareja, bila faida hata ya sindano, ilimradi mwanamke yule asisimame tena mlangoni. Chenji ikatosha nauli ya mzigo.

Shemeji alipokuwa akilifungua robota na kulifunga upya, Mama Mashuka akamwita Msusi upande wa ndani wa kaunta, akampa kiti. "Yule anaandika kama anazungumza na mimi. Mwandikie wewe, kama unazungumza na wenzako."

Msusi alitaka kukataa. Kisha akashika simu ya shemeji, akaandika polepole: "Dazeni moja kila saizi. Chini ya hapo ni rejareja. Nusu unalipa ukiagiza, tunakufungia mzigo. Nusu ya pili unalipa kabla hatujaupeleka kwenye basi. Hatukopeshi." Akaagiza na orodha ipigwe picha upya, taa ikiwa imezimwa.

"Na lile neno lako la wezi?" Mama Mashuka akauliza.

"Nitalifuta mzigo ukiwa begani kwangu."

Alilifuta akiwa kituo cha basi, amekaa juu ya robota. Kisha akaanza kuwapigia simu majirani wa makubwa, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alielewa. Wa pili alitaka fedha yake jioni ileile. Wa tatu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo na wewe umekuwa mwizi?" Msusi akatazama kondakta akipakia mizigo ya wengine, akasema, "Nitakurudishia yako.". Kiti cha saluni kingesubiri sana. Fedha yake, wazazi wakimaliza kulipa madogo, ndiyo ingewarudishia hao wote.