Stika ya Kinanda

Mkuu wetu wa shule ni mtu mwema, ila akishashika jambo hashauriki. Alisimama nyuma ya kiti changu akisoma tangazo nililokuwa nikiliandika kwa ajili ya kundi la wazazi kwenye simu.

"Iweke na stika yenyewe, Mwalimu. Wazazi wa siku hizi wasipoona hawaamini."

"Tukiiweka, Mkuu, tumeisambaza sisi. Huko ni kuzima moto kwa petroli."

Akanung'unika, lakini akaniacha niandike.

Stika hiyo ilianzia kwenye mazoezi ya kwaya. Kuna mwanafunzi alimpiga picha Kinanda akiwa ameachama katikati ya wimbo. Wakakata uso, wakauvika miwani myeusi na masharubu, na chini wakaandika: "Chakula kiko wapi?" Jina la Kinanda tulimpa sisi walimu, maana mtoto yule hata akifuta ubao anaimba. Sasa alikuwa haimbi. Alikaa kwenye chumba changu cha ushauri nasaha, anaitika kwa kichwa tu, na alichotaka ni kuhama shule. Nampenda mtoto yule, sifichi, na roho iliniuma.

"Mama asijue," aliniomba. "Ataninyang'anya simu, basi."

"Mwanangu, jambo hili siwezi kumficha mzazi wako. Ila namna ya kumwambia tutaichagua pamoja."

"Basi nipe muda kidogo."

Nikampa. Na tangazo likatoka bila jina la mtu wala picha:

"Wazazi na wanafunzi wetu. Kumdhihaki mtu mtandaoni ni uonevu, hata kama ni utani. Ukionewa, usijibu. Kabla ya kufuta chochote, piga picha ya skrini inayoonyesha aliyetuma na tarehe. Kisha mzuie na uripoti kwenye programu. Mwambie mzazi, mwalimu wa darasa au mwalimu wa ushauri. Kukiwa na vitisho, twendeni polisi. Picha ya utupu ya mtoto usiihifadhi wala kuituma kwa yeyote. Tuite mara moja. Mzazi, usimnyang'anye mtoto simu kwa sababu amekuambia; kesho hatakuambia. Na ukipokea kitu cha kumcheka mtoto, kikomee kwako."

Majibu yakamiminika. Asante Mwalimu, Mungu akubariki Mwalimu, na mmoja akauliza sweta za shule zinapatikana wapi. Baba fulani akaandika kwamba zamani wao walioneana ana kwa ana na wakala pamoja mchana. Watu wakacheka. Chini ya kicheko hicho mama mmoja akatupia stika: miwani, masharubu, chakula kiko wapi.

Nikatazama jina mara mbili. Alikuwa mama yake Kinanda, msusi.

Nilipandwa na hasira, nikalitukana dirisha kwa vile hapakuwa na mtu mwingine. Nikapiga picha ya skrini, kisha nikaifuta ile stika kwa wote, kwa kuwa msimamizi wa kundi ni mimi. Nikamwita Kinanda. Alikuwa ameshaambiwa na wenzake walioiona kwenye simu za wazazi wao.

"Kumbe naye," alisema.

"Hakujua. Nimwite?"

Akaitika kwa kichwa.

Mama alifika na aproni ya saluni, chanuo bado kichwani. "Mwalimu, nimekosa nini? Mbona umenifutia?"

Nikamtazama Kinanda. Ilikuwa zamu yake, na sikumsaidia.

"Mama, ile stika," alisema. "Ni mimi."

Mama akaitafuta kwenye simu, akaikuza, akafunika masharubu kwa kidole gumba.

"Tumeicheka saluni nzima," alisema. "Nimeituma kwa watu, mwanangu. Kwa mkono wangu."

Alitaka kuifuta papo hapo. Kinanda akamshika mkono. "Ngoja kwanza. Mwalimu aone nani alikutumia."

Aliyemtumia alikuwa mteja wake wa saluni, mzazi wa mwanakwaya mwenzake Kinanda. Ujumbe huo nikaupiga picha. Mzazi huyo na mwanawe nitawaita pamoja na Mkuu; kazi hiyo ni yangu.

Mama akakaa, akaliandikia kundi la saluni, akitamka kila neno: "Ile stika ya masharubu ni binti yangu. Nimemcheka mtoto wangu wa kumzaa. Naomba muifute, na aliyeituma mbele awaombe aliowatumia nao waifute." Akatuma kabla haya haijamshinda.

Kisha akamgeukia Kinanda, akamshika mashavu kwa mikono inayonukia mafuta ya nywele.

"Achama."

"Mama!"

"Achama nikuone. Uso huu niliuona mimi kabla ya mtu yeyote. Siku ile uliachama hivi hivi ukalia, na nikasema sijawahi kuona kitu kizuri kama hiki."

Kinanda akajaribu kujizuia, akashindwa. Akalia kwa sauti, mdomo wazi kabisa, mbele yetu, bila kujiziba kwa mkono.