Mstari wa Tisa

Kila siku saa nne na nusu, walimu wenzangu wakinywa chai na mihogo, mimi nilikuwa nachora moyo. Nilikaa kwenye dawati la mwisho ofisini, karibu na dirisha, nikiwa na penseli ya bluu na nyekundu. Upande wa kulia wa moyo, ambao kwenye karatasi huwa mkono wa kushoto wa msomaji, niliupaka bluu. Upande wa kushoto niliupaka nyekundu. Kisha nikapiga mistari ya majina kwa rula. Kazi hiyo ilikuwa ya Loisi, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ambaye alikuwa haji tena shule. Jioni nilimpelekea kwao karatasi, asome ajiandae na mtihani wa taifa wa Novemba.

Siku ile nilikuwa naanza kupaka aota, mshipa mkuu utokao moyoni, nilipogongewa dirisha. Alikuwa baba yake Loisi, mzee Lameck. Baiskeli ameiegemeza kwenye ukuta, shati limelowa mgongoni, na mkononi ana bahasha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Muuguzi wa zahanati kanipa hii. Imetoka kwa madaktari wa Dar es Salaam. Mimi Kiingereza hapana." Alicheka kidogo kwa aibu. "Nikasema nije kwa mwalimu wake."

Nilitoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha jengo. Nilisoma kimoyomoyo nikiwa nimesimama, nikarudia tena. Jopo la madaktari wa upasuaji lilikuwa limepitia vipimo vya Loisi Lameck, umri miaka kumi na tano. Vali ya mitral, mlango mmoja wa moyo, imekakamaa na kubana sana. Shinikizo kwenye mishipa ya mapafu liko juu mno. Ventrikali ya kulia, chumba kinachosukuma damu mapafuni, imeshindwa kazi. Hatari ya kumpasua ni kubwa kuliko faida. Aendelee na dawa, na apewe huduma ya kumpunguzia mateso karibu na nyumbani.

Mzee Lameck alikuwa ananitazama mdomoni, kama mtu anayesubiri kibaba kijae.

"Wamesema tarehe ngapi, Mwalimu?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kumwambia mtu habari ngumu. Hata mzazi ambaye mtoto wake amefeli huwa namwandikia barua.

"Hawajaandika tarehe," nikasema.

Haikuwa uongo. Hapakuwa na tarehe.

"Basi wataandika," akasema. Akaikunja barua vizuri, akaiingiza kwenye mfuko wa shati, akaubonyeza kwa kiganja. "Nitamwambia wanapanga. Atafurahi huyo! Usiku halali, anakaa tu ameegemea ukuta, lakini akisikia hilo atalala."

Akapanda baiskeli. Nilitaka kumwita. Nilimtazama hadi alipovuka korongo kavu la mchanga, kengele ya kipindi ikalia, nikarudi ndani.

*

Saa kumi nilishika njia ya kwao. Ni mwendo wa dakika arobaini, mashamba yamefyekwa yakisubiri mvua, vumbi jekundu limeshika hata majani ya miti ya mikakaya. Loisi alikuwa akiutembea mwendo huo kila siku asubuhi na mchana hadi mwezi wa tano. Mwezi wa sita alianza kupumzika njiani mara tatu, mara nne. Watu walisema ni pumu. Wakamchemshia mizizi, wakamnunulia vidonge. Ndipo daktari wa hospitali ya misheni alipoweka kipimo kifuani mwake, akasema ni moyo. Ugonjwa ulianzia kwenye koo lililomuuma akiwa darasa la tatu, koo ambalo hakuna aliyelitibu, kwa sababu nani anampeleka mtoto hospitali kwa ajili ya koo? Baada ya koo viungo vilivimba, vikapona. Moyo haukupona.

Kadi yake ya kliniki niliiona wiki tatu zilizopita, nikaelewa ni vali ipi. Tangu siku hiyo michoro yangu ilibadilika. Kati ya atiria ya kushoto na ventrikali ya kushoto sikuchora kitu. Niliacha njia pana, wazi, bila vali na bila mstari wa jina. Nilijiambia ninamrahisishia somo.

Nilimkuta barazani, ameketi kwenye mkeka, mgongoni amewekewa gunia la pumba na mto. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi kwenye magoti, ngozi inang'aa. Mama yake alikuwa amekwenda Bahi, ambako dada mkubwa wa Loisi amejifungua. Pembeni alikaa Jenifa, wanayesoma naye darasa moja, ametokea shule moja kwa moja akiwa bado na sketi ya sare.

"Shikamoo, Madam!" walisema pamoja, Loisi kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Hujambo leo?"

"Sijambo. Madam, baba kaniambia! Wanapanga tarehe." Alivuta pumzi katikati ya sentensi, kama mtu anayepanda kilima. "Nitafanya mtihani kwanza, ndiyo niende. Au niende kwanza?"

"Uende kwanza, ukirudi unipe zawadi," Jenifa akadakia. "Mtu akitoka Dar bila zawadi ni mchawi."

"Wewe nitakuletea mchanga."

"Mchanga tunao! Niletee soda ya baridi, uishike mkononi njia nzima."

Walicheka. Kicheko cha Loisi kiligeuka kikohozi, akashika kifua, akainama mbele mpaka kikaisha. Jenifa alimsugua mgongo, kisha akasema, "Haya, mgonjwa gani huyu anashinda kubishana. Tusome."

Mzee Lameck alikuwa uani anarekebisha mpini wa jembe. Nilisikia anapiga mluzi. Sikuwahi kumsikia akipiga mluzi.

Nilimpa Loisi karatasi. Yeye alikuwa anapenda kufuata damu kwa kidole huku akisema, na kidole chake hakikosei.

"Damu chafu inatoka mwilini," akaanza, "inaingia kwa vena kava ya juu na ya chini. Inafika atiria ya kulia. Inapita vali ya trikuspidi, ile ya vipande vitatu. Ventrikali ya kulia. Hapo inasukumwa, inapita vali ya semiluna, inaingia ateri ya mapafu."

"Ateri imebeba damu isiyo na oksijeni," Jenifa akasema. "Hapo ndipo wanapotutegea."

"Niache. Inafika mapafuni, inaacha kabonidioksaidi, inachukua oksijeni. Inarudi kwa vena za mapafu. Atiria ya kushoto. Ventrikali ya kushoto. Vali ya..."

"Umeruka."

"Sijaruka."

"Umeruka, mama. Namba tisa." Jenifa alifungua daftari lake. Alikuwa amenakili kutoka kitabu cha maktaba. "Ona. Mimi nina mistari kumi na miwili. Wewe unayo mingapi?"

Loisi alihesabu. "Kumi na mmoja."

"Madam kamsahaulia mlango!" Jenifa akacheka. "Loo, Madam, na wewe leo unakosa alama."

Sikucheka. Loisi alilivuta daftari la Jenifa, akaliweka kando ya karatasi yangu. Akachukua na karatasi za jana na juzi zilizokuwa chini ya mto, akazipanga kwenye mkeka. Zote zilikuwa na njia ile pana.

"Vali ya bikuspidi," akasoma kwenye daftari. "Jina jingine mitral." Akainua kichwa. "Mitral ndiyo neno walilokuwa wanasema pale hospitali. Daktari na wanafunzi wake. Wanazungumza Kiingereza juu ya kitanda, wanafikiri mimi sisikii. Mitral, severe. Mitral, severe."

Jenifa aliacha kucheka.

"Madam, severe maana yake mbaya sana, si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema.

"Inavuja au imebana?"

"Imebana."

Aliweka kidole kwenye mstari wa tisa, katika daftari la Jenifa. Nilidhani atalia. Badala yake alifanya kitu ambacho mimi, mwenye diploma ya ualimu, sikuwahi kumfundisha. Alianza kuifuata damu kinyumenyume.

"Kama hapa hapapitiki vizuri," akasema polepole, "damu inajaa hapa, atiria ya kushoto. Ikijaa hapa, inarudi nyuma kwenye vena hizi. Mapafu yanajaa. Ndiyo maana nikilala chini nakosa pumzi." Akapumzika. "Mapafu yakijaa, huyu wa kulia, ventrikali, anasukuma kwa nguvu, anasukuma tu, hapapiti. Anachoka. Akichoka, damu inajaa atiria ya kulia. Halafu vena kava ya chini." Kidole kilishuka hadi ukingoni mwa karatasi, kikaendelea kwenye mkeka, kikafika mguuni mwake. Alibonyeza. Kidole kilipoondoka kikaacha shimo ambalo halikujaa haraka. "Nimefika hapa. Si ndiyo, Madam? Imeshafika huku chini."

Kila neno lilikuwa sahihi. Kwenye mtihani ningempa alama zote.

"Ndiyo," nikasema.

"Sasa wakinipasua, huyu wa kulia aliyechoka atapona?"

Mluzi wa uani ulikuwa umekoma. Mzee Lameck alisimama kwenye mlango wa uani, jembe mkononi.

"Mwalimu anasema wanapanga," akamwambia binti yake. "Kuchoka si kitu, watampumzisha. Si ndiyo, Mwalimu?"

Nilitazama jembe mkononi mwake.

"Mwalimu. Asubuhi ulisoma nini humu?"

Alitoa barua mfukoni, akaifungua, akainyoosha mbele yangu kana kwamba herufi zingeweza kubadilika kwa kuwa sasa ni jioni. Jenifa alitazama chini, akaanza kuokota moja moja maganda ya karanga yaliyotapakaa mkekani. Mimi nilitazama michoro iliyopangwa mkekani, jioni baada ya jioni, na kila mmoja ulikuwa mwandiko wangu.

"Madam," Loisi akasema, kwa upole, kama yeye ndiye mkubwa. "Sema tu."

Nilipiga magoti kwenye mkeka ili tuwe sawa kwa macho.

"Hakuna tarehe itakayokuja," nikasema. "Nisamehe, baba. Hawatampasua. Loisi, hawatakupasua, moyo umeshachoka mno, wamesema uendelee na dawa tu na ukae na watu wako. Nilijua vali ni ipi tangu wiki tatu zilizopita. Nikaiacha kwenye kila karatasi. Sikutaka ufe, Loisi, na sikujua namna nyingine ya kusema hivyo."